Mkataba wa kujifunza kwa mwanafunzi anayekosea dozi wodini

"Mwalimu, habari. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa ndani, hospitali moja hapa Nairobi, na ndiye ninayesimamia wanafunzi. Nina mwanafunzi wa diploma, mwaka wa pili. Mara mbili nimemzuia akiwa ameshavuta dozi isiyo sahihi, na nikimuuliza ananyamaza tu. Chuo kinasema tumwandikie mkataba wa kujifunza. Nimeandika 'aboreshe utoaji wa dawa na awe makini zaidi', nikakwama hapo. Rotesheni yake inaisha Ijumaa, 3 Julai 2026, yaani zimebaki wiki sita. Niweke nini humo, na tarehe za kumpima ziwe lini?"

Sista, sentensi hiyo ifute kabla hujamwonyesha mtu. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuandika mkataba wa aina hiyo hiyo, wenye maneno "aonyeshe bidii na umakini". Mwezi ulipokwisha mimi nikasema hajafikia, mwenzangu wa zamu ya mchana akasema amefikia, na mwanafunzi mwenyewe akauliza kwa upole kabisa umakini tunaupima kwa nini. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukampitisha, na hatukumpitisha kwa kuwa ameweza. Karatasi yetu ilikuwa haijasema kuweza kunaonekanaje.

Wiki ya kwanza, 25 hadi 29 Mei, usiandike lengo lolote. Tafuta kosa linazaliwa wapi. Kuvuta dozi isiyo sahihi ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na huwezi kuandika matibabu kabla hujajua ni malaria au ni nimonia.

Njia ninayoitumia haina ufundi mwingi. Chukua karatasi za matibabu za wodi yako, toa hesabu kumi za kweli, mkalishe mwanafunzi kwenye chumba tulivu na mlango ufungwe. Mpe kalamu na umwambie ahesabu huku akisema kwa sauti. Siku ya pili mpe hesabu za aina ile ile mbele ya troli, saa ya kugawa dawa, wodi ikiwa na kelele zake za kawaida. Kisha linganisha. Akikosea kote kuwili, tatizo ni hesabu au vipimo: hajui kugeuza gramu kuwa miligramu, au nukta ya desimali inamkimbia. Akipata chumbani na kukosea kwenye troli, hesabu anaijua, na kumrundikia mazoezi ya hesabu ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Nikupe mfano wa mwanafunzi niliyekuwa naye, wa mwaka wa pili kama wako. Daktari alikuwa ameandika gentamaisini miligramu 60. Ampuli iliyokuwa mkononi ilikuwa na miligramu 80 katika mililita 2. Chumbani alisema bila kusita: 60 gawanya kwa 80, zidisha kwa 2, ni mililita 1.5. Kesho yake kwenye troli, hesabu ile ile, akavuta ampuli nzima. Nilikaa pembeni nikahesabu. Tangu alipoishika ampuli hadi alipomaliza kuvuta aliitwa mara nne: jamaa wa mgonjwa akiuliza kitanda, daktari akitaka faili, mwenzetu akimtuma maabara, na mimi mwenyewe nikimwambia aharakishe. Kumbe sehemu ya tatizo nilikuwa mimi.

Lakini haikuishia hapo. Kwenye hesabu ya dripu alikosea hata chumbani. Lita moja ya maji kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: mililita 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata karibu matone 42 kwa dakika. Yeye akapata 125. Nikamwambia anionyeshe njia, nikaona ametumia 60 badala ya 20. Alikuwa amekariri namba ya ile seti ya matone madogo tunayotumia kwa watoto, na hakuwa anajua kwamba idadi ya matone imechapishwa kwenye pakiti. Miaka miwili ya shule, na hakuna aliyewahi kumgeuzia pakiti aisome. Kwa hiyo alikuwa na matatizo mawili tofauti yaliyovaa sura moja, na kila moja lilihitaji lengo lake na msaada wake.

Kuhusu huo ukimya, usiuchukulie haraka kuwa ni kiburi. Mketishe siku nyingine, bila karatasi, umuulize anatoka wapi asubuhi, analala saa ngapi, alikula nini. Mwanafunzi anayetoka Githurai saa kumi na moja alfajiri ili asikwame Thika Road, ambaye jana yake alikuwa akiuza duka hadi saa nne usiku ili apate karo, hatakuambia hayo mbele ya wenzake. Akikuambia, yasiingie kwenye mkataba. Mkataba utasomwa na watu wengi, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka zishikwe kwa uangalifu wa pekee. Andika tu kilichokubaliwa: "Kwa wiki mbili za kwanza atapangiwa zamu ya asubuhi pekee." Sababu ibaki kati yenu na mshauri wa wanafunzi chuoni.

Sasa tuje kwenye malengo. Mimi sizidishi matatu. Najua kishawishi cha kuandika kumi, maana ukishaanza kumwangalia mtu kwa jicho la makosa unaona hata viatu vyake ni vichafu. Mwanafunzi anayezama ukimpa malengo kumi atashika lile rahisi. Kipimo changu cha lengo zuri ni hiki: wauguzi wawili wasiomjua mwanafunzi wakisimama kando ya troli na kuangalia jambo lile lile, je, watatoa jibu moja? Kama hapana, lengo halijaandikika. Kwa mwanafunzi wako, ukikuta hali inafanana na ya yule wangu, ningeandika hivi:

"Lengo la 1. Kufikia Ijumaa, 12 Juni, atafanya karatasi tatu za hesabu kumi kumi, kwa siku tatu tofauti, na kupata kumi kwa kumi katika kila moja. Hesabu zitatoka kwenye karatasi za matibabu za wodi. Tatu kati ya kumi zitakuwa za dripu, na ataonyesha kwenye pakiti namba ya matone aliyoitumia.

Lengo la 2. Kufikia Ijumaa, 26 Juni, atatoa dawa kwa wagonjwa wanne katika kila mzunguko, kwa mizunguko mitano mfululizo, akisimamiwa ana kwa ana lakini bila kukumbushwa mgonjwa, dawa, kipimo, njia wala wakati. Atamtambua kila mgonjwa kwa kumuuliza majina yake kamili na kulinganisha na namba ya mgonjwa kwenye karatasi ya matibabu, na atauliza kuhusu mzio. Akizuiwa kwa kosa katika lolote kati ya hayo matano, hesabu ya mizunguko inaanza upya.

Lengo la 3. Kuanzia siku ya kutia sahihi, kabla ya kuvuta dawa yoyote ataonyesha ampuli na karatasi ya matibabu na kusema hesabu yake kwa sauti. Akiwa na shaka atasema 'sina uhakika' na kusimama. Kusema hivyo hakuhesabiwi kuwa kosa."

Kumi kwa kumi huwashtua watu. Wananiambia chuoni alama ya kupita si mia kwa mia. Ni kweli, lakini nane kwa kumi maana yake ni kwamba kila wagonjwa kumi, wawili wanapata dozi isiyo yao. Kwenye hesabu za dawa sijui namna nyingine ya kuweka mstari. Ndiyo maana nampa karatasi tatu na muda wa kutosha. Simpi karatasi moja ya kumtega.

Lengo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo watu hulisahau. Mwanafunzi aliyekemewa mara mbili hujifunza jambo moja haraka sana, nalo ni kuficha. Ukimsikia anasema "sina uhakika" siku ya pili ya mkataba, kazi imeanza. Lakini inabidi nawe sauti yako ibaki ile ile anapoyasema. Ukiguna mara moja tu, hutayasikia tena.

Kwa kupima kiwango cha usimamizi, walimu wengi wanatumia ngazi tano alizochapisha Kathleen Bondy mwaka 1983, kuanzia anayemtegemea msimamizi kwa kila hatua hadi anayejitegemea. Kama chuo chenu kina fomu yenye ngazi hizo itumie, msibuni nyingine. Kwa mwaka wa pili, usimwekee ngazi ya kujitegemea katika kutoa dawa. Anatakiwa afanye sawasawa ukiwa umesimama naye, na hicho ndicho lengo la 2 linachosema.

Upande wa msaada ndio mikataba mingi inakofia. Utasoma "wodi itampa msaada unaohitajika", ukiuliza nani, lini, kila mtu anamtazama mwenzake. Hatua ya msaada bila mtu, siku na saa ni salamu tu. Kwa yule mwanafunzi wangu tuliandika kwamba mwalimu wa kliniki atakaa naye kwenye maabara ya ujuzi ya chuo kila Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa tisa kasorobo alasiri, wiki mbili, akiwa na pakiti halisi za seti za dripu na ampuli tupu. Tukaandika wasimamizi wawili wa wodi, kwa sababu mmoja akienda ofu au zamu ya usiku mwanafunzi huwa yatima. Na tukaandika mzunguko uliolindwa: saa mbili hadi saa tatu asubuhi, yeye akiwa kwenye troli, haitwi na mtu, hatumwi maabara, haulizwi faili. Muuguzi mwingine anajibu jamaa za wagonjwa. Inchaji alitia sahihi hapo, na ilibidi atie, maana bila yeye kifungu hicho kisingedumu siku mbili. Wodi zetu zina wauguzi wachache, na mwanafunzi ndiye wa kwanza kugeuzwa tarishi.

Ulinzi huo usidumu hadi mwisho, lakini. Wodi ya kweli ina kelele, na siku moja atakuwa peke yake usiku na wagonjwa wengi. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza analindwa kabisa, wiki ya tatu anaruhusiwa kuitwa na anafundishwa kujibu, "Nikimaliza dawa hii nakuja", na wiki ya nne anafanya katika hali ya kawaida. Mizunguko mitano ya lengo la 2 lazima angalau mitatu iwe ya hiyo wiki ya nne, na hilo liandike waziwazi, asije akaona umemgeuzia kanuni katikati.

Kando ya kila hatua ya msaada weka nafasi ya kuandika: imefanyika au haikufanyika, na sahihi. Ijumaa ya tathmini mkiikuta nafasi tupu, kosa ni lenu, na tarehe ya lengo linalotegemea msaada huo isogezwe kwa siku zilizopotea. Mwanafunzi akikosa kuja mwenyewe bila sababu, hiyo nayo inaandikwa, na tarehe haisogei.

Tarehe sasa. Jumatatu, 1 Juni ni Madaraka, chuo hakitakuwa na mtu, kwa hiyo kutia sahihi kuwe Jumanne, 2 Juni. Tathmini ya kwanza Ijumaa, 12 Juni: lengo la 1 linafungwa siku hiyo, na mnaangalia kama msaada umetolewa. Ya pili Ijumaa, 19 Juni, fupi, dakika kumi na tano zinatosha. Ya mwisho Ijumaa, 26 Juni. Utaona nimeacha wiki nzima ya 29 Juni hadi 3 Julai ikiwa wazi. Sikuisahau. Hiyo ndiyo wiki ya mpimaji wa pili kuja kama kuna ubishi, ya kufidia siku za msaada zilizopotea, na ya mwanafunzi kukata rufaa chuoni kama anaona ameonewa. Ukiweka tathmini ya mwisho siku ya mwisho ya rotesheni, umejifunga mikono, na kitakachotokea ni kumpitisha kwa kuchoka.

Hilo la kupitisha kwa kuchoka si la kwetu peke yetu. Kathleen Duffy alichunguza jambo hilo Uskoti, akachapisha matokeo mwaka 2003, akakuta wasimamizi wa wodini wanampa mwanafunzi nafasi ya shaka ilhali mashaka wanayo, na mara nyingi wamechelewa kuyasema, hata taratibu za kumfelisha zinakuwa zimewapita. Wewe umeanza na wiki sita mkononi. Umewahi.

Kati ya tathmini moja na nyingine, andika mistari mitatu kila baada ya mzunguko, siku hiyo hiyo, na mwanafunzi aone ulichoandika. Uandike ulichoona, usiandike alivyo. "Hana umakini" haimsaidii mtu. Hivi ndivyo yafaavyo kuwa: "9 Juni, saa mbili na robo asubuhi, kitanda cha 14. Alisoma karatasi ya matibabu, akataja mililita 1.5, akavuta 1.5. Hakumuuliza mgonjwa jina, nilimzuia. Aliuliza, akaendelea." Ukiwa na noti kumi na tano za namna hiyo tarehe 26 Juni, kikao hakina ugomvi. Na kwenye kikao mwache mwanafunzi aanze yeye, aseme lengo lipi anaona amefikia na kwa ushahidi gani. Anayejipa alama kubwa kuliko noti zinavyosema ana tatizo la kutojiona, na hilo linakuambia mengi kuhusu jinsi atakavyofanya akiwa peke yake.

Maamuzi ya mwisho yawe matatu tu, na yaandikwe ndani ya mkataba tangu mwanzo: amefikia, anaongezewa muda mara moja, au hajafikia. Muda wa nyongeza mpe yule ambaye noti zinaonyesha anapanda, kwa mfano aliyefikia mizunguko minne mfululizo kisha akateleza. Aliyesimama palepale kwa wiki nne, wiki ya tano haitamwinua, na kumfelisha rotesheni kunamrudisha kujifunza upya kabla hajakutana na mtihani wa Baraza la Wauguzi akiwa na pengo lile lile. Siku ya kuamua, mwite mpimaji wa pili ambaye hakuwa akimsimamia. Mimi nilikuwa nimeshamzoea mwanafunzi wangu, nikajikuta namkumbusha kwa macho tu, kila nikitazama mkono wa mgonjwa naye anautazama. Mpimaji wa pili ndiye aliyeliona hilo.

Kuna mambo ambayo mkataba huu hauyahusu, na uyataje kwa sentensi moja ili yasichanganywe. Akitoa dawa peke yake baada ya kukatazwa, au akitia alama kwenye karatasi kwamba dawa imetolewa ilhali haikutolewa, au akighushi sahihi yako kwenye logibuku, hayo yanakwenda chuoni siku hiyo kwa njia ya nidhamu, kwa barua ya kujieleza. Usiyasubirishe hadi Ijumaa. Na kinyume chake, mkataba wenyewe usiandikwe kwa lugha ya barua ya kujieleza. Nimeona iliyoanza "umepatikana na makosa yafuatayo", na mwanafunzi akatia sahihi akilia bila kusoma ukurasa wa pili, ambako ndiko msaada wake ulikokuwa umeandikwa.

Kwa hiyo Jumanne ile, kabla hamjaketi watatu, wewe, yeye na mwalimu wa kliniki, mpe nakala akaisome peke yake nusu saa, na kalamu mkononi. Mwambie aongeze kwa mkono wake msaada mmoja anaoutaka ambao hamkuufikiria. Wangu aliandika mstari mmoja: "Naomba nikikosea niambiwe pembeni, si mbele ya mgonjwa." Tuliuingiza kama ulivyo, tukatia sahihi nakala tatu, moja yake, moja ya wodi, moja ya chuo.